Sura ya Huyu, Ngozi ya Yule

Filamu inapopachika sura ya nyota juu ya mwili wa mwigizaji mbadala kwa kompyuta, ngozi unayoiona huenda si ya nyota hata kidogo. Ni ya yule mbadala, na imebakizwa makusudi.

Sababu ni hesabu. Tuseme uso wa mbadala una upana wa pikseli 1,200, na programu imetengeneza sura mpya ya pikseli 256 tu, ikaitanua karibu mara tano. Uso wa mtu mzima una upana wa sentimita 14 hivi, kwa hiyo kitundu cha ngozi cha robo milimita kinachukua kama pikseli mbili. Hakiwezi kuwamo. Sura inatoka laini kama mshumaa.

Dawa ina asili ya zamani. Mwaka 1983, watafiti Peter Burt na Edward Adelson walionyesha jinsi ya kuigawa picha katika tabaka za mambo makubwa na za mambo madogo, kila moja ikaungwa kwa kipimo chake. Waliunganisha nusu ya tufaha na nusu ya chungwa, mshono usionekane.

Fundi wa leo huichukua picha ya mbadala, huitia ukungu (kwa Gaussian Blur ya pikseli nne hivi), kisha hutoa ukungu huo kwenye picha yenyewe. Kinachobaki ni tabaka la kijivu lenye vitundu, malaika na mikwaruzo midogo. Hilo hulijumlisha na sura mpya iliyotiwa ukungu uleule:

```
tokeo = ukungu(sura_mpya) + (mbadala - ukungu(mbadala))
```

Sura haipotei, kwa sababu kinachotutambulisha mtu kwa sehemu kubwa ni vitu vipana: kivuli cha tundu la jicho, taya, urefu wa pua, rangi.

Kazi iko kwenye kile kipimo cha ukungu. Pikseli moja haitoshi. Vitundu hufifia na nta inarudi. Zikiwa 20, kingo za pua ya mbadala nazo zinaingia, uso ukawa na pua mbili. Mafundi hulitazama tabaka la kijivu peke yake: ukiweza kusema huyu ni nani, umezidisha.

Hata kipimo kikiwa sawa, kope, nyusi na kingo za midomo huacha vivuli pacha, maana mstari mkali huwamo katika tabaka zote mbili. Sehemu hizo huzibwa kwa barakoa, zikaachwa kama programu ilivyozitoa.

Basi wanaosema video bandia hutambulika kwa ngozi isiyo na vitundu wamechelewa kidogo. Hapa vitundu ni vya kweli kabisa. Mimi ningetafuta baka. Baka la mbadala la milimita nne lina upana wa pikseli zaidi ya 30, hivyo weusi wake huondoka na ukungu wa mbadala, lakini ukingo wake mkali hubaki: kiduara chembamba shavuni, katikati hamna kitu.