Kupima Nusumaisha ya Dakika Mbili na Nusu

Sesiamu-137 ina nusumaisha ya takribani miaka 30, kwa hiyo hakuna mwanafunzi atakayeiona ikipungua katika kipindi kimoja cha maabara. Lakini atomu zake, takribani 95 katika kila 100, zikioza huzaa bariamu-137m, ambayo kiini chake kimebeba nishati ya ziada. Kiini hicho huitoa nishati hiyo kwa haraka, mara nyingi kama mwale wa gama. Nusumaisha yake ni sekunde 153 hivi, muda unaotosha kabisa kwa saa ya mkononi na kihesabio cha Geiger.

Kazi ya kwanza ni kumtenganisha mtoto na mama. Sesiamu imenaswa ndani ya kidude kidogo cha plastiki. Mwalimu hupitisha humo, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, matone machache ya maji ya chumvi yenye asidi kidogo ya hidrokloriki. Bariamu huondoka na maji, sesiamu hubaki imeshikiliwa. Maabara nyingi huita kitendo hiki kukamua, na baada ya robo saa bariamu huwa imejaa tena karibu yote, tayari kwa kundi linalofuata. Matone yakishaanguka kwenye kisahani chini ya kihesabio, saa huanza, na mipigo huandikwa kila baada ya nusu dakika.

Ukichora mipigo hiyo dhidi ya muda utapata mkunjo unaoshuka kwa kasi kisha polepole, na jicho halijui kupima mkunjo. Chukua logarithi asilia ya kila hesabu, na mkunjo hunyooka, kwa sababu

ln N = ln N₀ − λt

Mteremko wa mstari ni −λ, na nusumaisha ni 0.693 ikigawanywa kwa λ. Hesabu ya nusu dakika ni jumla ya mipigo wakati sampuli inaendelea kufifia, jambo linalowatia wengi wasiwasi. Lakini vipindi vikiwa sawa, kosa hilo huzidisha kila hesabu kwa kiasi kilekile. Mstari hupanda au kushuka wote, na mteremko haubadiliki.

Kinachoharibu mteremko ni mnururisho wa mazingira, yaani mipigo inayokuwapo hata bila sampuli. Tuchukue namba za mfano: mwanzoni mipigo 1,012 kwa nusu dakika, baada ya dakika 5 ni 269, baada ya 10 ni 78, na baada ya 15 ni 29. Mazingira peke yake yanatoa 12. Kwa kutumia nukta ya kwanza na ya mwisho tu, bila kuondoa hiyo 12, nusumaisha inatoka sekunde 176. Ukiiondoa kwanza, namba hizo zinakuwa 1,000 na 17, na jibu linakuwa 153. Kumi na mbili si kitu mbele ya elfu, lakini ni sehemu kubwa ya 29. Dalili yake huonekana kwenye grafu: mkia wa mstari unajikunja kwenda juu.

Hata ukiiondoa, mkia hauaminiki kama kichwa. Hesabu ya mipigo hutikisika kwa kiasi cha kipeuo chake cha pili: 1,012 hutikisika kwa 32 hivi, yaani asilimia 3 ya sampuli, lakini 29 hutikisika kwa zaidi ya 5, karibu theluthi ya ile 17. Logarithi hukuza mtikisiko huo. Kwa hiyo kila nukta ipewe uzito wake. Hapa nukta ya kwanza inastahili takribani mara mia ya ile ya mwisho. Programu ya jedwali isipoelekezwa huzipa zote uzito sawa. Na usitupe hesabu zilizoshuka chini ya mazingira kwa sababu tu hazina logarithi: utabakiza zilizobahatika kuwa juu, na mkia utainuka. Ni afadhali kusimama mapema.

Kichwa nacho kina ugonjwa wake. Baada ya kila mpigo, bomba la Geiger hubaki kiziwi kwa takribani mikrosekunde 100. Kwa mipigo 500 kwa sekunde, asilimia 5 hivi hupotea, nukta za mwanzo hukaa chini ya mstari, na nusumaisha huonekana ndefu kuliko ilivyo. Katika mfano wetu, wenye mipigo 34 tu kwa sekunde, hasara hiyo haifiki asilimia moja.

Limebaki swali moja: je, sesiamu nayo ilivuja pamoja na maji? Ikivuja, haitapungua mbele ya macho yetu, na hesabu yake itajificha ndani ya mazingira. Ndiyo maana napendelea mazingira yapimwe mwishoni, kisahani kikiwa palepale, nusu saa baada ya kukamua. Wakati huo bariamu iliyobaki haifiki sehemu moja katika elfu. Kiondoe kisahani, upime tena kwa muda uleule. Hesabu ikishuka kupita mtikisiko wa kawaida, kilichokuwa kwenye kisahani ni sesiamu.