Asilimia Kumi ya Nini?

Fidia ya bima ikiingia benki, wengi hufanya ukaguzi mmoja tu: hutazama kama kiasi kilichoingia kinalingana na kilichoandikwa kwenye barua ya kampuni. Kikilingana, hushukuru na kufunga faili. Lakini kulingana huko kunathibitisha jambo moja tu, kwamba mhasibu wa kampuni anajua kunakili. Barua yenyewe ni hesabu ya mtu, nayo ina pa kupimiwa: mkataba wa bima. Kwa hiyo ukaguzi ni wa hatua mbili, na ya kwanza haihusu benki hata kidogo.

Tuchukue mfano wa gari lenye bima kubwa, Dar es Salaam, lililogongwa ubavuni. Mtathmini wa hasara na gereji wamekubaliana kwamba matengenezo ni shilingi 6,000,000. Tairi mbili zilizopasuka zilikuwa zimekwisha kulika, hivyo kampuni inapunguza 200,000, kwa hoja kwamba mteja asipewe kipya kwa kilichochakaa. Jedwali la mkataba, karatasi ambayo wengi huisoma kwa mara ya kwanza siku ya ajali, linasema kuwa eksesi, yaani sehemu ya hasara anayoibeba mteja mwenyewe, ni asilimia 10 ya dai, isipungue shilingi 500,000.

Swali la kwanza ni asilimia 10 ya nini. Ikiwa dai ni hasara iliyokubaliwa baada ya kupunguza uchakavu, hesabu inaanzia 5,800,000. Eksesi ni 580,000, na mteja anastahili 5,220,000. Kampuni ikikokotoa kabla ya kupunguza uchakavu, eksesi inakuwa 600,000. Tofauti hapo ni ndogo. Inakuwa kubwa pale eksesi inapokokotolewa kwa thamani ya gari badala ya dai: kwa gari lililokatiwa bima ya 40,000,000, asilimia 2.5 tu ni 1,000,000, hata kama kilichovunjika ni taa. Aina zote mbili za mikataba zipo, na barua ikisema tu “eksesi imekatwa” haijajibu swali. Tena, kiwango cha chini hakijumlishwi juu ya asilimia. Kinatumika pale asilimia inapotoa kiasi kidogo kuliko hicho. Hapa 580,000 imeshazidi 500,000, kwa hiyo hakina kazi.

Tuseme barua imepita: inasema 5,220,000. Sasa ndipo taarifa ya benki inafunguliwa, na kilichoingia ni 4,698,000. Pungufu ni 522,000. Kiasi hicho hakifanani na makato yoyote yaliyotajwa, na ndiyo maana ni rahisi kukiita “makato ya benki” na kuendelea na maisha. Ukikigawa kwa 5,220,000, unapata asilimia 10 kamili. Mtu wa malipo amepokea kiasi ambacho eksesi ilishatolewa, akakichukulia kuwa dai ghafi, akakata tena. Laiti angekata 580,000 ileile, kosa lingejitangaza. Kwa kuwa alikata asilimia ya kilichobaki, limejificha kwenye namba ngeni. Ndiyo faida ya kuigawa tofauti kabla ya kuilalamikia.

Si kila pungufu ni kosa. Ikiwa ada ya bima ililipwa kwa awamu, kampuni inaweza kukata salio, na kiasi hicho kitaonekana kwenye stakabadhi zako. Ukichukua fedha badala ya gari kutengenezwa, kampuni inaweza kuondoa VAT ya asilimia 18 iliyokuwa kwenye makadirio ya gereji, kwa kuwa hakuna ankara iliyolipiwa kodi hiyo. Na kampuni ikiilipa gereji moja kwa moja, usisubiri kitu benki: eksesi unaipeleka gereji mwenyewe, kwa kawaida kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Hata dereva mwingine akiwa ndiye mwenye kosa, eksesi bado hukatwa kwenye bima yako. Kumdai yeye ni safari nyingine.

Hatua ya kwanza ifanyike kabla ya kusaini hati ya kukubali malipo, kwa sababu hati hiyo kwa kawaida husema umeridhika na huna dai tena. Kuridhika kwa maandishi na hesabu ambayo hujaipiga ni ukarimu ambao kampuni haikuuomba. Hatua ya pili ikionyesha pungufu, andika barua yenye mistari minne: kiasi kilichokubaliwa, uchakavu, eksesi na kifungu chake, kisha kilichoingia na tarehe yake. Ambatisha hati uliyosaini, maana sasa inakutetea wewe: ndani yake kampuni yenyewe imetaja 5,220,000. Jibu lisiporidhisha, Tanzania ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Huko nako utaulizwa swali lilelile: asilimia 10 ya nini, na mara ngapi?