Mtazamaji Huondoka Sekunde Gani? Hesabu ya Uhai na Mianzo Miwili ya Video

Katika kliniki, wagonjwa wanaofuatiliwa baada ya matibabu hawafikii mwisho wa ufuatiliaji kwa namna moja. Mmoja hufariki mwezi wa tatu, mwingine huhamia wilaya nyingine mwezi wa tano, na wa tatu angali hai siku daftari linapofungwa. Aliyehama hawezi kuandikwa kuwa amefariki, wala hawezi kufutwa kana kwamba hakuwahi kuwapo, kwa sababu inajulikana kwa hakika kwamba aliishi miezi mitano. Mwaka 1958 Edward Kaplan na Paul Meier walichapisha njia ya kukadiria uhai inayotumia taarifa ya kila mgonjwa hadi siku ya mwisho aliyoonekana. Njia hiyo haihitaji kifo ili ifanye kazi. Huhitaji tukio moja na saa ya kulipima, na kufunga video kwenye simu ni tukio la namna hiyo.

Tuchukue mfano wa kufikirika, uliotungwa ili hesabu zake ziwe nyepesi. Video ya dakika tatu inafundisha kuchanganya ORS kwa mtoto anayeharisha. Imetengenezwa kwa mianzo miwili, kila mmoja wa sekunde 30. Mwanzo wa kwanza unaonyesha nembo na kutambulisha wataalamu. Mwanzo wa pili unamwonyesha mama akifinya ngozi ya tumbo la mwanawe, na ngozi ile inarudi polepole, ambayo ni dalili ya kupungukiwa maji mwilini. Kuanzia sekunde ya 30 video zote mbili ni moja: daktari anaketi mezani na kueleza. Kati ya sekunde ya 40 na ya 45 anataja kipimo, yaani pakiti nzima, ya aina inayochanganywa kwa lita, katika lita 1 ya maji safi. Hapo ndipo penye uzito wa jambo lote. Anayeondoka kabla ya kipimo huenda na jina la dawa bila kiasi cha maji, na pakiti ile ikichanganywa katika kikombe kimoja huwa na chumvi nyingi kupita kiasi kwa mtoto mgonjwa.

Watazamaji 400 wamegawanywa kwa bahati nasibu, 200 kila upande. Baada ya dakika moja, kila upande umebakiwa na watu 92. Anayetazama idadi hiyo peke yake atasema mianzo yote ni sawa. Anayekokotoa wastani wa sekunde zilizotazamwa ndani ya dakika hiyo atapata takriban 37 kwa mwanzo wa kwanza na 44 kwa wa pili, naye ataupa ushindi wa pili. Majibu hayo mawili yote ni ya kweli, na hakuna hata moja linalosema watu waliondokea wapi.

Kiwango cha hatari ndicho kinachosema. Huuliza hivi: miongoni mwa wale waliokuwa bado wanatazama kipindi kilipoanza, ni wangapi waliondoka ndani ya kipindi hicho? Walioondoka mapema hawahesabiwi tena katika kigawanyo. Dakika ikikatwa vipande vya sekunde 15, mwanzo wa kwanza unapoteza watu 60 kati ya 200 katika kipande cha kwanza, yaani asilimia 30. Kisha 28 kati ya 140, asilimia 20. Kisha 14 kati ya 112, kama asilimia 13. Na mwisho 6 kati ya 98. Mwanzo wa pili unapoteza 20 tu kati ya 200, asilimia 10; kisha 27 kati ya 180, asilimia 15; lakini katika kipande cha tatu unapoteza 51 kati ya 153, theluthi nzima. Katika kipande cha nne huondoka 10 kati ya 102. Tofauti ya kipande hiki cha mwisho ni ndogo kiasi kwamba bahati peke yake yaweza kuileta, wala haifai kuijengea hoja.

Viwango hivi vimepishana. Mwanzo wa pili una theluthi moja ya hatari ya mwenzake katika kipande cha kwanza, na katika cha tatu una zaidi ya mara mbili na nusu ya hatari hiyo. Kwa hiyo uwiano mmoja wa hatari, unaotolewa na modeli ya David Cox ya mwaka 1972, haungefaa hapa, maana modeli hiyo katika umbo lake la kawaida hudhani kwamba uwiano haubadiliki kadiri muda unavyokwenda. Ingetoa namba moja iliyo karibu na 1 na kuficha mambo mawili yaliyo kinyume.

Je, daktari wa mezani amewafukuza wale 51? Si lazima. Waliofika sekunde ya 30 kwa mwanzo wa kwanza ni 112, watu waliokwisha kuchujwa na nembo. Mwanzo wa pili umefikisha 153, yaani 41 zaidi, na hao huenda ni wale wale wepesi wa kuondoka ambao mwanzo wa kwanza ungewapoteza mapema. Wote 41 wakiondoka, na wengine 14 wakiondoka kama upande wa pili, jumla ingekuwa 55, nasi tumeona 51. Basi mchujo peke yake unatosha kueleza hasara yote. Kosa la kawaida hapa ni kuikata sehemu ya daktari mara moja. La kwanza ni kutazama sekunde zenyewe: walioondoka wakirundikana sekunde ya 31 na 32, lawama ni ya mahali picha inapobadilika, wakitawanyika hadi sekunde ya 45, mchujo ndio maelezo yaliyo karibu zaidi na ukweli.

Kuna pia wale waliokatikiwa na mtandao au kuishiwa bando. Hao ni kama mgonjwa aliyehama. Tuseme katika kipande cha tatu cha mwanzo wa kwanza, mbali na 14 walioondoka, wengine 12 walikatikiwa. Wakihesabiwa kuwa wameondoka, hatari inapanda hadi asilimia 23. Wakihesabiwa kuwa walitazama nusu ya kipande, kama yafanyavyo majedwali ya uhai, kigawanyo kinakuwa 106 na hatari inabaki asilimia 13. Njia hii ni halali iwapo kukatika hakuhusiani na nia ya kuondoka. Video ikiwa nzito na kusitasita hadi mtu akachoka, sharti hilo limevunjika, na hesabu itaipendelea video nzito.

Kwa mfano huu, toleo la tatu la kujaribiwa lingebaki na mama na mtoto, ila kipimo cha lita 1 kingetajwa kabla ya sekunde ya 30, pale ambapo watu 153 bado wapo, badala ya baada ya sekunde ya 40 ambapo baadhi yao wamekwisha kwenda. Huenda kipimo chenyewe kikawaondoa baadhi, na hilo litaonekana katika hatari ya kipande cha pili. Jambo ambalo hesabu hii haitalionyesha ni simu iliyoachwa mezani ikiendelea kucheza bila mtu mbele yake. Kwa hilo, mama aulizwe kliniki ni maji kiasi gani.