Plasta Ikibana, Usisubiri Asubuhi

Wakazi wa Kaunti ya Uasin Gishu wanaofungwa plasta kwenye mkono au mguu wanashauriwa kuchunguza vidole vyao mara kwa mara, hasa katika siku 3 za kwanza. Huo ndio wakati ambapo uvimbe huongezeka zaidi, ilhali plasta haiwezi kupanuka.

Mfupa unapovunjika, damu na maji hukusanyika ndani ya nyama. Nyama ikikosa nafasi ya kuvimba, shinikizo hupanda na kuzuia damu kufikia misuli na neva. Misuli iliyokosa damu kwa takriban saa 6 inaweza kufa, na mkono au mguu ukabaki umepinda au kupooza. Hatari hii haikuanza leo: mwaka 1881 daktari Mjerumani, Richard von Volkmann, alieleza jinsi bendeji zilizokazwa mno zinavyoacha mkono ukiwa umekunjamana.

Kupunguza uvimbe

Mkono uwekwe juu ya mito ili uwe juu kuliko kifua. Aliyevunjika mguu alale na kuweka mguu juu ya mito. Kukaa kwenye kiti huku mguu ukining'inia huongeza uvimbe. Vidole vichezeshwe kila saa mtu anapokuwa macho. Pete zivuliwe mapema.

Plasta nyeupe ya kawaida huchukua siku 2 hadi 3 kukauka kabisa. Isikanyagiwe wala kuegemezwa kwenye kitu kigumu kabla ya hapo, na isikaushwe karibu na jiko. Wakati wa kuoga, ifunikwe kwa mfuko wa plastiki na kuwekwa mbali na maji.

Kuwashwa

Kuwashwa chini ya plasta ni jambo la kawaida. Wengi huingiza spoku, kalamu au sindano ya kufumia ili kujikuna. Kifaa hicho huchubua ngozi, na kidonda kisichoonekana huoza ndani. Pamba ya ndani nayo hujikunja na kubana sehemu moja. Poda na mafuta visitiwe. Kinachosaidia ni kugongagonga plasta kwa nje polepole au kupuliza hewa baridi kwenye ukingo wake. Kuwashwa kukizidi, mhudumu wa afya anaweza kutoa dawa ya kumeza.

Harufu mbaya, unyevu au doa linalotokea kwenye plasta, homa, au maumivu ya sehemu moja kama ya kuungua ni dalili kwamba huenda kuna kidonda. Mgonjwa arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Dalili za plasta inayobana

Chukua mfano wa mwendeshaji bodaboda wa Langas aliyevunjika mguu chini ya goti Jumamosi jioni, akafungwa plasta na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Saa 5 usiku maumivu yanazidi badala ya kupungua. Anameza dawa aliyopewa, lakini baada ya saa moja hajapata nafuu. Jamaa yake akimnyoosha kidole gumba cha mguu taratibu, anapiga kelele. Dalili hizo mbili zinatosha kumtoa nyumbani usiku huo.

Dalili nyingine ni ganzi au hisia ya kuchomwa sindano, vidole vilivyo baridi, vilivyopauka au vilivyogeuka bluu, na kushindwa kuvichezesha. Kipimo rahisi ni kubonyeza ukucha hadi uwe mweupe, kisha kuachilia. Rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2. Linganisha na mguu mzima. Hata hivyo, vidole vyenye joto na rangi nzuri visimfanye mtu apuuze maumivu makali. Mabadiliko ya rangi na ganzi mara nyingi huja baadaye, wakati misuli imeshaanza kuharibika.

Familia ya mwendeshaji huyo isimwongezee dawa ili asubiri kupambazuke. Mguu ushushwe ulingane na kifua, kwa kuwa kuuinua sana wakati huu hupunguza damu inayoufikia. Plasta isikatwe nyumbani kwa kisu wala panga. Mgonjwa apelekwe mara moja kwenye idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, hata kama si iliyomfunga. Kutoka Langas anaweza kupelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret.

Akifika, aseme wazi: "Plasta inabana, na dawa ya maumivu haisaidii." Mhudumu atapasua plasta kwa urefu wake wote pamoja na pamba ya chini, hadi ngozi ionekane. Mara nyingi nafuu huja upesi. Maumivu yasipopungua, daktari wa upasuaji huhitajika haraka ili kupunguza shinikizo.

Plasta iliyopasuliwa inaweza kufungwa tena uvimbe ukishuka. Msuli uliokufa haurudi.