Kabla Hujalipa Kodi Khwisero

Mwalimu au muuguzi anayehamishiwa Khwisero kwa mara ya kwanza huambiwa mambo mawili: kodi ni nafuu, na maji si shida. La kwanza ni kweli. La pili linategemea mwezi aliokwenda kutazama nyumba. Aprili, mvua ikiwa imekolea, kila kisima kina maji na kila mwenye nyumba ni mkarimu. Nenda Januari au Februari. Usipoweza kungoja, waulize wapangaji walioko, si mwenye nyumba, walikuwa wakiteka maji wapi kiangazi kilichopita.

Huenda wakakuonyesha bomba uani. Fungua koki kwanza, maana bomba kuwepo si maji kuwepo. Wengi wanategemea kisima cha kuchimbwa kwa mkono au chemchemi iliyojengewa bondeni. Chemchemi iliyotunzwa ina ukuta wenye bomba la kutolea maji, uzio wa kuzuia ng'ombe upande wa juu, na mtaro wa kugeuza maji ya mvua. Maji yakibadilika rangi kila baada ya mvua kubwa, ujue yale yanayotiririka juu ya ardhi yanaingia ndani. Kisima nacho, tazama choo kiko wapi. Umbali wa mita 30 unatosha mara nyingi, lakini mashamba ya huku yamegawanywa kwa urithi hadi yakawa vipande vyembamba, na choo cha hatari huwa ni cha jirani, ng'ambo ya ua. Maji ya namna hiyo chemsha, hata yawe maangavu.

Kisha inua macho juu ya paa. Tuseme ploti ina vyumba sita chini ya mabati ya mita 60 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo huku ni ya alasiri moja tu, huangusha lita 1,200 juu ya mabati hayo. Toa thuluthi moja ya kurukaruka na kuvuja, zinabaki 800, yaani mitungi 40 ya lita 20. Kila mpangaji angepata zaidi ya mitungi sita bila kwenda bondeni. Ploti isiyo na gata wala tangi inamwaga maji hayo yote barabarani. Mimi ningeongeza shilingi mia kadhaa kwa mwezi nikae penye tangi.

Kwa usafiri, anayetoka Kisumu hushuka Luanda, kwenye barabara ya kwenda Busia, kisha hutafuta gari la kuingia ndani. Mwisho wa safari ni bodaboda, na nauli yake hupanda mvua ikinyesha na giza likiingia. Chumba cha bei ya chini kilichoko mbali na lami huenda kikakutoza tofauti hiyo ya kodi kwa bodaboda. Kuhusu usalama, jitambulishe kwa liguru, mzee wa mtaa, na kwa naibu chifu wiki ya kwanza. Mgeni asiyejulikana ndiye anayeulizwa maswali kuku wakipotea.

Kelele zina siku zake. Mazishi mengi ni Jumamosi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa jenereta na spika huenda vikakesha. Serikali imepiga marufuku disko matanga mara nyingi, na hilo la mara nyingi linakueleza lote. Kulalamika kwa wafiwa hakufai. Mwenye zamu ya asubuhi aombe chumba kisichotazamana na uwanja wa boma kubwa.

Wenye nyumba wenyewe, kwa kawaida, wanaishi papo hapo: mwalimu mstaafu aliyejenga vyumba kwa kiinua mgongo, au mjane wake. Atakungoja mshahara ukichelewa, na atajua pia nani alikutembelea jana. Mkataba wa maandishi ni nadra. Andikeni basi hata ukurasa mmoja: kodi, amana na namna itakavyorudishwa, na jinsi tokeni za stima zinavyogawanywa ikiwa mita ni moja. Hiyo mita ndiyo chanzo kikubwa cha ugomvi kuliko kodi. Kodi isipolipwa, sheria haimruhusu mwenye nyumba mwenyewe kung'oa mlango wala kubeba redio yako. Kukamata mali ni kazi ya dalali mwenye leseni.

Jambo gumu huja mwenye nyumba akifa. Watoto wake watatu wanaweza kukupigia simu mwezi mmoja, kila mmoja akitaka kodi itumwe kwake. Chini ya Sheria ya Urithi, mali ya marehemu husimamiwa na aliyepewa hati na mahakama, na hati hiyo huchukua miezi. Hadi itoke, omba familia ikuandikie barua moja, yenye sahihi zao wote mbele ya naibu chifu, ikitaja nambari moja ya kupokea pesa. Weka ujumbe wa kila malipo, na usilipe mbele hata miezi miwili.