Kwa Nini Fanksheni Haiwezi Kuwa na Vikomo Viwili

Chukua fanksheni f(x) = (x² − 1)/(x − 1). Ukiweka x = 1 unapata sifuri juu ya sifuri, na hesabu inakwama. Lakini ukiisogelea 1 bila kuigusa, mambo yanaeleweka: x ikiwa 0.9 jibu ni 1.9, ikiwa 0.99 jibu ni 1.99, na ukitokea upande wa pili kwa 1.001 unapata 2.001. Tunasema kikomo cha fanksheni hii, x inapokaribia 1, ni 2.

Sasa aje mtu aseme: "Sikatai kwamba inakaribia 2. Ila mimi naona inakaribia 2.1 pia." Utamjibu nini? Kumwonyesha jedwali la namba hakutoshi, maana jedwali lina mistari michache tu, naye atadai kwamba ile 2.1 inajitokeza mbele zaidi, karibu na 1 kuliko ulikofika wewe.

Jibu linaanzia kwenye maana ya neno "kukaribia". Karl Weierstrass, aliyefundisha Berlin katika karne ya 19, aliligeuza neno hilo kuwa ahadi inayoweza kupimwa. Kusema kikomo ni 2 ni kuahidi hivi: nitajie umbali wowote, hata uwe mdogo namna gani, nami nitakupa eneo la kuzunguka 1 ambalo kila x iliyomo, isipokuwa 1 yenyewe, inatoa jibu lililo karibu na 2 kuliko umbali ulioutaja. Umbali unaotajwa huitwa epsiloni, na upana wa eneo upande mmoja huitwa delta.

Kwa hiyo tusibishane na mgeni wetu. Tumkubalie kwamba 2 na 2.1 vyote ni vikomo, kisha tufuate ukweli huo unatupeleka wapi. Pengo kati ya namba hizo ni 0.1. Tutaje epsiloni iliyo nusu yake, 0.05. Ahadi ya kwanza inatupa eneo ambamo majibu yote yako kati ya 1.95 na 2.05. Ahadi ya pili inatupa eneo lake, ambamo majibu yote yako kati ya 2.05 na 2.15. Maeneo hayo mawili yote yanaizunguka 1, hivyo lililo dogo limo ndani ya lile kubwa. Chagua x moja ndani ya lile dogo. Jibu lake lazima liwe pungufu ya 2.05, na papo hapo lizidi 2.05. Namba ya namna hiyo haipo. Tulichokubali mwanzoni ndicho kilichotufikisha hapa, basi hakiwezi kuwa kweli.

Hakuna mahali tulipotegemea 2 na 2.1 kwa namna ya pekee. Ziwe L na M zozote zilizo tofauti, zenye pengo d kati yao. Taja d/2. Kutoka L hadi f(x) ni pungufu ya d/2, na kutoka f(x) hadi M ni pungufu ya d/2. Basi kutoka L hadi M ni pungufu ya d, ilhali tulisema ni d kamili.

Wanafunzi wengi hukosea kwenye uchaguzi wa epsiloni. Ukitaja 0.1, yaani pengo lote, majibu yanaruhusiwa kuwa kati ya 1.9 na 2.1 kwa ahadi moja, na kati ya 2 na 2.2 kwa nyingine. Namba 2.05 inatimiza zote mbili, na ukinzani haujitokezi. Nusu ya pengo ndiyo kubwa kuliko zote zinazofaa; theluthi au robo nazo zinafaa.

Kuna sharti jingine ambalo ni rahisi kulipita bila kuliona. Tulisema "chagua x moja", kana kwamba lazima ipo. Fikiria kipeuo cha pili cha x, kilichofafanuliwa kwa x zisizo hasi tu, kisha uulize kikomo chake karibu na −1. Ndani ya umbali wa 0.5 kutoka −1 hakuna x hata moja ya kujaribu, kwa hiyo kila ahadi inatimia bure, iwe ya 2, 7 au milioni. Ndiyo sababu fasili makini hudai kwamba mahali panapokaribiwa pawe na x halali karibu nacho kiasi chochote.

Uthibitisho huu hausemi kwamba kikomo kipo. Fanksheni x/|x| hutoa 1 kulia kwa sifuri na −1 kushoto kwake. Kwenye sifuri haina vikomo viwili, haina hata kimoja. Unachosema ni kwamba kikiwepo, ni kimoja. Bila hilo, alama ya sawasawa tunayoiandika baada ya "lim" isingekuwa halali.