Lugha ya Vipimo katika Ufungaji wa Mashine ya Kuoshea Vyombo

Mfasiri anayepewa karatasi ya maelekezo ya mashine ya kuoshea vyombo huhangaikia kwanza majina ya vitu. Lakini mengi ya majina hayo mafundi wetu wanayo tayari: koki, tii, plagi, fyuzi, erthi. Taabu kubwa zaidi imo katika vipimo. Sentensi inayotaja urefu bila kusema unapimwa kutoka wapi hadi wapi yaweza kumpotosha fundi, hata kama kila neno lake ni sahihi. Hebu tuifuate kazi hiyo katika nyumba isiyopata kuwa na mashine ya namna hii, tuseme nyumba ya Dar es Salaam inayopata maji kutoka tangi lililo juu ya mnara uani.

Tuanze na nafasi. Mashine ya kawaida ina upana wa karibu sentimita 60, na ile nyembamba sentimita 45. Meza nyingi za jikoni hujengwa kwa matofali na zege, kwa hiyo upana upimwe mahali palipo pembamba kabisa, baada ya vigae kubandikwa. Kimo nacho kipimwe kutoka sakafuni hadi upande wa chini wa meza, si hadi juu yake. Mbele iachwe nafasi ya kutosha kwa mlango, ambao hufunguka kwa kulala.

Kuhusu maji yanayoingia, tii hufungwa kwenye bomba la sinki, na koki ya mashine hufungwa hapo. Mpira wa kuingizia maji hushikizwa kwenye koki hiyo. Linalosumbua ni kile ambacho vitabu vya fizikia huita kanieneo na mafundi huita presha. Kila mita moja ya kimo cha maji hutoa takriban baa 0.1. Tuseme mashine yetu inataka angalau baa 0.5, na maji ya tangi likijaa yamo mita 4 juu ya koki. Kanieneo ni baa 0.4 tu, nayo hushuka kadiri tangi linavyopungua. Tangi kubwa zaidi halitasaidia, kwani kinachohesabiwa ni kimo kutoka uso wa maji hadi kwenye koki, wala si wingi wa maji. Hapa hapana budi kuinua tangi au kufunga pampu. Ama sivyo mashine itaanza kazi, kisha isimame na kuonyesha kwamba imekosa maji.

Kosa la hatari zaidi kwa mfasiri limo katika maji yanayotoka. Karatasi nyingi hutaka mpira wa kutolea maji upande kwanza, kisha ndipo ushuke kwenye bomba la maji machafu. Mfasiri akiandika, «Mpira wa kutolea maji usipungue sentimita 40», fundi atautazama mpira wenye urefu wa sentimita 150, aridhike, aulaze sakafuni. Katika hali hiyo maji yaweza kujivuta yenyewe na kutoka wakati mashine ingali inajijaza. Dalili yake ni maji kusikika yakitiririka bila kukoma, na vyombo kutoka na uchafu. Tena sinki likiziba, maji machafu yaweza kurudi ndani ya mashine. Sentensi iliyo salama ni hii: «Sehemu ya juu kabisa ya mpira wa kutolea maji iwe kati ya sentimita 40 na 100 kutoka sakafuni.» Ncha ya mpira iungwe kabla ya kona ya bomba inayobaki na maji, ili harufu isipande.

Mwisho ni umeme. Mashine ya wati 2,200 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 9.6, kiasi ambacho plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi ya ampea 13 hukimudu. Lakini ikichangia waya wa kuunganishia na birika la umeme la wati 2,000, jumla hufika ampea 18, na waya hupata moto. Mashine ipewe soketi yake, iwe ubavuni na si nyuma, ili plagi iweze kuchomolewa. Fundi umeme apime pia erthi, kwa maana soketi yenye matundu matatu si ushahidi kwamba waya wa erthi umefika ardhini.

Twapendekeza basi kwamba katika maelekezo ya namna hii neno «mpira» lisiachwe peke yake, bali liambatane na kazi yake, kuingizia au kutolea. Na kila kipimo kitaje mwanzo wake na mwisho wake.